Orodha ya vitu vya nyumba inayopangishwa na fenicha: hali, picha na bei

Orodha ya vitu vya nyumba huandikwa siku mpangaji anapoingia, ila inaanza kutumika siku anapotoka. Siku hiyo kila kitu kitaulizwa maswali mawili: je, ndicho kile kile kilichokuwepo, na kama kimeharibika au hakipo, nani anamlipa nani shilingi ngapi? Orodha nyingi za nyumba zenye fenicha hapa Dar es Salaam haziwezi kujibu hata swali moja. Zimeandikwa "sofa seti 1, friji 1, runinga 1, vyombo vya jikoni", na mbele ya kila kimoja neno "nzuri". Mwenye nyumba akidai godoro lilikuwa safi na mpangaji akajibu kwamba doa alilikuta, karatasi hiyo haimsaidii yeyote. Anayeshinda ni yule mwenye amana mkononi.

Nitaeleza jinsi ninavyoiandaa kwa nyumba ninazosimamia, nikitumia mfano wa fleti ya chumba kimoja na sebule iliyopo Mikocheni. Kodi ni shilingi 900,000 kwa mwezi, amana ni kodi ya mwezi mmoja, na mpangaji anaingia tarehe 1 Machi 2024. Bei zote zilizomo ni za mfano. Za kwako utazipata dukani au kwa fundi wako. Maelezo yanamfaa mpangaji pia, kwa sababu mwenye nyumba asipoandaa orodha hakuna kinachomzuia mpangaji kuiandaa mwenyewe na kuomba isainiwe.

Kuzunguka nyumba kwa mpangilio

Kazi ifanyike nyumba ikiwa tupu ya watu na mizigo: mpangaji wa zamani ameshatoka, usafi umeshafanyika, mpya hajaleta hata begi. Fleti ya ukubwa huu inataka nusu siku kwa watu wawili, mmoja akikagua na kupiga picha, mwingine akiandika.

Anzia mlango wa mbele, geukia kushoto, fuata ukuta mpaka urudi mlangoni. Kisha ingia katikati ya chumba, halafu inua kichwa utazame dari. Fanya hivyo hivyo kila chumba. Ukiruka kutoka sofa kwenda runinga kwenda feni utasahau pazia, fimbo yake na swichi iliyovunjika nyuma ya mlango. Vitu vinavyosahaulika zaidi ni vile visivyoonekana kama fenicha: rimoti, funguo, kioo cha bafuni, nyavu za madirishani, chandarua na kamba ya kuanikia nguo iliyoko varanda.

Kila kitu kipe namba inayoanza na herufi za chumba chake. Mimi hutumia SB kwa sebule, JK kwa jiko, CH kwa chumba cha kulala, BF kwa bafu na VR kwa varanda. Sofa ya kwanza inakuwa SB-01, na namba hiyo ndiyo itakayokuwa kwenye picha zake na kwenye hesabu ya mwisho. Kitu kikihamishwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine hakibadilishiwi namba.

Jambo la kuamua mapema ni kipi kisimame peke yake na kipi kikae kwenye kundi. Kanuni yangu ni hii: kinachoweza kuharibika peke yake, kinaandikwa peke yake. "Sofa seti 1" ni kosa, kwa sababu sofa ya watu watatu inaweza kuchanika huku kiti cha mtu mmoja kikiwa kizima. Andika sofa ya watu watatu, sofa ya watu wawili, kiti kimoja, kila kimoja na idadi ya mito yake. Sahani zinaweza kukaa mstari mmoja, mradi umeandika 6 na bei ya sahani moja, siyo bei ya seti. Kitanda na godoro ni mistari miwili, na chaga za kitanda zihesabiwe. Vijiko na uma vihesabiwe pia, hata kama inachosha.

Kuandika hali ya kitu

Neno "nzuri" peke yake halina maana, kwa sababu kila mmoja ana uzuri wake. Ninatumia madaraja manne: Mpya, Nzuri, Imetumika, Mbovu. Lakini daraja ni kichwa cha habari tu. Habari yenyewe ni maelezo, nayo lazima yaseme dosari ni nini, ipo wapi na ina ukubwa gani.

Linganisha. Orodha ya kawaida itasema: "Meza ya kulia, nzuri, ina mikwaruzo kidogo." Orodha inayoweza kutegemewa itasema: "SB-08. Meza ya kulia ya mninga, sm 150 kwa 90, miguu 4. Imetumika. Mkwaruzo mmoja wa sm 11 juu ya meza, upande wa dirishani. Duara jeupe la kikombe cha moto, upana sm 8, kona ya upande wa jikoni. Miguu haina ufa, haitikisiki." Baada ya miaka miwili mtu yeyote, hata ambaye hakuwepo, anaweza kusimama mbele ya meza hiyo na kujua mkwaruzo wa pili umetoka wapi.

Tazama pia sentensi ya mwisho. Kuandika kwamba kitu hakina dosari ni muhimu sawa na kuandika iliyopo. Nafasi tupu haimaanishi kitu kilikuwa kizima. Inaweza kumaanisha hakikuangaliwa. Na unaposema kushoto au kulia, iwe ni ya mtu aliyesimama mbele akikitazama kitu, na ukiandike kipimo hicho juu ya ukurasa wa kwanza ili kusiwe na ubishi.

Kwa nyumba za pwani kuna dosari tatu zinazohitaji jicho maalumu, kwa kuwa zinafanana na uharibifu wa mpangaji na mara nyingi sivyo.

Ya kwanza ni kutu. Hewa ya chumvi hula miguu ya viti vya chuma, bawaba za makabati, mabano ya feni na mashine ya nje ya kiyoyozi. Kutu ya chumvi husambaa: utaikuta kwenye skrubu zote, pande zote, hata mahali mkono haufiki. Kutu iliyotokana na maji yaliyomwagwa hukaa sehemu moja, kwa kawaida chini. Ukiikuta siku ya kwanza, iandike na uipige picha hata kama ni alama ndogo kama punje ya mchele, kwa sababu itakua.

Ya pili ni makabati ya MDF. Mbao hizi zikinywa maji huvimba na hazirudi tena. Piga magoti upitishe kidole kwenye ukingo wa chini wa kila kabati la jikoni na la bafuni, hasa chini ya sinki. Ukigusa uvimbe au gamba lililoachia, pima lilipoanzia na lilipoishia. Mpangaji asiyeinama siku ya kuingia anaweza kulipishwa uvimbe wa miaka mitano iliyopita.

Ya tatu ni wadudu wa mbao. Sogeza kitanda na kabati, tazama sakafuni. Unga laini wa rangi ya mbao chini ya mguu unaonyesha kwamba ndani kuna wadudu wanaokula, hata kama juu kunang'aa vanishi. Hilo ni tatizo la mwenye nyumba, na siku ya kulitibu ni kabla ya mpangaji kuingia.

Vifaa vya umeme na gesi vijaribiwe

Hali ya kifaa cha umeme haiko kwenye sura yake. Friji: weka kikombe cha maji kwenye friza usiku mmoja, asubuhi yawe barafu, kagua mpira wa mlango na vishubaka vyake, vile vya plastiki ndivyo huvunjika. Kiyoyozi: kiwashe dakika 15 kwenye nyuzi 18, sikiliza, tazama kama kinadondosha maji ndani, na andika tarehe kiliposafishwa mara ya mwisho. Jiko: washa kila plati. Mashine ya kufulia: izungushe mzunguko mzima mpaka ikamue na kumwaga maji, maana nyingi hushindwa hapo mwishoni. Soketi zote zijaribiwe kwa chaja ya simu.

Kuhusu friji kuna jambo moja zaidi. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo unaweza kuunguza kompresa, ndiyo maana nyumba nyingi zina kile kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya soketi na friji. Kifaa hicho kipewe namba yake kwenye orodha, kipigwe picha kikiwa kimechomekwa, na iandikwe kwamba friji ikiungua kifaa kikiwa mahali pake hasara ni ya mwenye nyumba; mpangaji akikiondoa na kuchomeka friji moja kwa moja ukutani, hasara ni yake. Bila sentensi hiyo, friji iliyoungua ni ugomvi usioisha, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha umeme ulifanya nini usiku wa manane.

Mtungi wa gesi nao huleta maneno. "Mtungi umejaa nusu" si kipimo. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake juu, karibu na mshikio. Pima mtungi kwenye mizani, toa uzito huo, kinachobaki ni gesi. Kama chuma kinasema kilo 16.3 na mizani inasema 25.3, andika: gesi kilo 9. Siku ya kutoka mpangaji arudishe kiasi hicho au thamani yake.

Malizia na salio la uniti kwenye mita ya LUKU, usomaji wa mita ya maji, na idadi ya funguo za kila mlango.

Picha

Picha hazichukui nafasi ya maelezo, zinayathibitisha. Nimeona watu wakipiga picha mia mbili zisizo na namba, na siku ya kutoka wanakaa saa nzima wakivuta simu bila kupata ile ya godoro.

Fungua mapazia, washa taa zote, futa lenzi. Kila chumba kipigwe picha pana nne, moja kutoka kila kona. Kisha kila kitu chenye thamani kipate picha yake kikiwa kizima, na kila dosari iliyoandikwa ipate picha mbili: moja ya mbali kidogo inayoonyesha iko sehemu gani ya kitu, na moja ya karibu ikiwa na futi ya fundi pembeni. Picha ya karibu peke yake haina mwenyewe. Mkwaruzo kwenye mbao ya mninga unaweza kuwa wa meza yoyote mjini.

Mikwaruzo juu ya meza na kwenye skrini ya runinga haionekani kwa mwanga wa mbele. Laza tochi ya simu ya pili pembeni, mwanga upite juu ya uso wa kitu kwa ubavu, na kila mstari utajitokeza. Runinga ipigwe ikiwa imezimwa kwa mwanga huo, kisha ikiwa imewashwa. Godoro livuliwe shuka na lipigwe pande zote mbili. Mito ya sofa inuliwe. Ndani ya friji, ndani ya oveni na ndani ya droo zote pia.

Kila kifaa cha umeme kipigwe picha ya lebo yake ili namba ndefu ya kifaa isomeke. Kwenye friji lebo huwa ndani, ukutani mwa friji au nyuma. Kwenye runinga ni mgongoni. Namba hiyo ndiyo inayojibu swali la kwanza kati ya yale mawili: ndicho kile kile? Runinga ya inchi 43 kubadilishwa na nyingine ya inchi 43 iliyochoka zaidi si jambo geni. Namba hiyo uiandike na kwenye orodha, usiitegemee picha tu.

Jina la faili libebe namba ya kitu: SB-05_1.jpg, SB-05_2.jpg. Kwa fleti hii tegemea picha kati ya 100 na 150. Weka zote kwenye folda moja na mtumie mwenzako siku hiyo hiyo. Ukitumia WhatsApp, zitume kupitia Document, siyo kama picha za kawaida, kwa sababu njia ya kawaida hupunguza ubora na kufuta taarifa zilizomo ndani ya faili, ikiwemo saa ya kupigwa. Hata hivyo usitegemee sana tarehe iliyo ndani ya picha. Tarehe ya simu hubadilishwa hata na mtoto. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni kwamba pande zote mbili zilipokea picha zile zile siku ile ile na hakuna aliyepinga.

Bei: hapa ndipo palipo na kazi

Wenye nyumba wengi wakiandika bei, huandika ile ya kununulia kitu kipya na kuishia hapo. Mpangaji akivunja runinga ya miaka minne anadaiwa runinga mpya. Hiyo si fidia, ni kumnunulisha mtu runinga. Upande wa pili, wapangaji husema kitu cha zamani hakina bei. Nacho si kweli. Mwenye nyumba angeendelea kukitumia miaka mingine kadhaa.

Njia ya katikati inahitaji taarifa tatu kwa kila kitu: kilinunuliwa lini, kipya cha aina hiyo kinauzwaje leo pamoja na usafiri wa kukifikisha nyumbani, na mmekubaliana kinaishi muda gani. Thamani yake siku yoyote ni bei ya kipya mara sehemu ya umri iliyobaki.

Bei ya kipya itafutwe wakati wa kuandaa orodha, isiwe ya kukumbuka. Kwa vifaa vya umeme uliza maduka mawili ya Kariakoo na uandike ya chini. Kwa sofa na vitanda vya mbao, muulize fundi, kwa mfano wa Keko, bei ya kutengeneza kingine cha mbao hiyo hiyo na kitambaa cha daraja hilo. Usichanganye: sofa yenye fremu ya mbao laini isipewe bei ya mninga kwa sababu tu imepakwa rangi ya mninga. Risiti ya kununulia ihifadhiwe kwa ajili ya tarehe. Kama haipo, kubalianeni mwaka na muandike kwamba ni wa makadirio.

Umri wa matumizi hakuna mahali ulipoandikwa kwa ajili yenu, ni makubaliano. Ninayoanza nayo mezani ni haya: friji miezi 120, sofa ya mbao ngumu 96, runinga 84, godoro la sponji zito 72, mapazia 60, vyombo vya jikoni 36, kikaango kisichogandisha 24. Mpangaji akitaka runinga ihesabiwe 72 badala ya 84, jadilianeni siku hiyo, kabla hakijavunjika kitu na wote mkiwa na moyo mweupe.

Hivi ndivyo mistari minne ya fleti yetu inavyosomeka siku ya kuingia:

| Namba | Kitu | Kilinunuliwa | Bei ya kipya | Umri (miezi) | Thamani 1 Machi 2024 |
|---|---|---|---|---|---|
| SB-01 | Sofa ya watu watatu | Machi 2022 | 1,200,000 | 96 | 900,000 |
| SB-05 | Runinga inchi 43 | Machi 2022 | 950,000 | 84 | 679,000 |
| JK-01 | Friji milango miwili | Machi 2021 | 1,300,000 | 120 | 910,000 |
| CH-02 | Godoro 5 kwa 6 | Machi 2024 | 480,000 | 72 | 480,000 |

Sofa ina miezi 24 kati ya 96, imebaki robo tatu ya umri, hivyo 1,200,000 inakuwa 900,000. Safu ya mwisho ni ya kujua tu mnaanzia wapi. Mpangaji hatalipa thamani ya siku ya kuingia, atalipa ya siku ya kutoka, kwa hiyo safu zinazobeba mkataba ni zile tatu za katikati. Ukiandika orodha kwenye Excel au Google Sheets, tarehe ya ununuzi ikiwa safu ya C, bei ya D, umri wa E, na tarehe ya hesabu kwenye H1, fomula ya mstari wa tano ni hii:

```
=ROUND(D5*MAX(0.1,1-DATEDIF(C5,$H$1,"M")/E5),-3)
```

Inahesabu miezi iliyopita, inapunguza bei, na kukadiria hadi elfu iliyo karibu. Ile 0.1 inazuia thamani isishuke chini ya asilimia 10 ya bei ya kipya, kwa kuwa friji ya miaka kumi na mbili inayogandisha barafu bado ni friji. Siku ya kutoka unabadilisha tarehe ya H1 tu. Tarehe za safu ya C ziandikwe kamili, kwa mfano 2022-03-01, la sivyo fomula itagoma.

Kuna vitu viwili visivyoingia kwenye hesabu hii. Kimoja ni vile ambavyo havichakai kwa maana hiyo: sanduku la Kizanzibari lenye misumari ya shaba, kitanda cha kuchonga cha bibi. Hivi vipewe thamani moja iliyokubaliwa na fundi wa kuvirekebisha atajwe. Ushauri wangu wa kweli ni viondolewe nyumbani kabla ya kupangisha. Kingine ni vidogo: rimoti, ufunguo, sahani. Hivi vipewe bei ya moja kwa moja isiyopungua, na ninapenda kuandika kwamba vyombo viwili vya udongo au glasi vikivunjika kwa mwaka havidaiwi. Kubishania sahani ya 6,000 kunagharimu zaidi ya sahani.

Halafu iandikwe kanuni ya matengenezo: kitu kikiweza kutengenezwa, kinacholipwa ni gharama ya fundi au thamani iliyobaki, yoyote iliyo ndogo. Bila hiyo, sofa iliyochanika mto mmoja itadaiwa kama sofa nzima.

Ukishamaliza, jumlisha safu ya thamani. Ya fleti hii ilifika karibu milioni 9, wakati amana ni laki 9. Jumla hiyo inakuambia wazi kwamba amana haitafidia hasara kubwa, na sasa ndio wakati wa kuamua kama runinga ile ibaki au kama fenicha ikatiwe bima. Kampuni ya bima nayo itaomba orodha ya namna hii hii.

Kusaini

Zungukeni nyumba pamoja mkiwa na orodha iliyochapwa. Mpangaji asome kila mstari akiwa mbele ya kitu chenyewe, na chochote anachoongeza kiandikwe kwa kalamu pale pale, wote wawili wakiweka herufi za majina yao pembeni. Kila ukurasa usainiwe, nakala mbili, kila mmoja na yake. Kwenye mkataba itajwe kwamba orodha ni kiambatisho chake. Kama mkataba unapelekwa kugongwa muhuri ofisi ya serikali ya mtaa, orodha iende pamoja nao.

Mpe mpangaji siku 7 za kuongeza dosari ambazo hazikuonekana, kwa ujumbe wa maandishi wenye picha. Mpira wa mlango wa friji usioshika au bomba linalovuja taratibu havionekani siku moja. Wenye nyumba wengine huogopa kipengele hiki. Mimi huona kinawalinda wao, kwa sababu siku ya nane mpangaji hana tena cha kusema kwamba alikikuta kikiwa hivyo.

Kitu kikibadilishwa katikati ya mkataba, mstari wa zamani upigwe mstari na mpya uandikwe chini na tarehe yake. Hapa ndipo orodha nzuri nyingi huharibika: mwenye nyumba analeta jiko jipya mwezi wa tano, hakuna anayeandika, na mwisho wa mkataba jiko lililopo si lile lililo kwenye karatasi.

Siku ya kutoka

Tarehe 1 Machi 2026 mpangaji wetu anatoka, baada ya miezi 24. Tunazunguka kwa mpangilio ule ule, na orodha ile ile, tukijaza safu ya mwisho ya hali ya kutoka na kupiga picha kutoka kona zile zile. Yanajitokeza mambo sita.

Runinga ina ufa kwenye skrini. Picha SB-05 za kuingia, ile ya mwanga wa ubavu na ile iliyowashwa, zinaonyesha skrini safi, na namba ya kifaa ni ile ile. Fundi anasema skrini yake inakaribia bei ya runinga nyingine, hivyo hakuna matengenezo ya maana. Imetimiza miezi 48 kati ya 84; fomula inatoa 407,000. Mwenye nyumba alitaka 950,000. Ameonyeshwa sahihi yake kwenye safu ya umri.

Sofa imechanika mto mmoja, sm 12. Thamani iliyobaki ni 600,000, lakini fundi anavalisha mto huo upya kwa 60,000, kwa hiyo inalipwa 60,000. Kitambaa kipya hakifanani kabisa na cha zamani kilichopauka, na mwenye nyumba anataka mito yote ivalishwe. Anaruhusiwa, kwa fedha zake: kupauka kwa mito mingine ni kazi ya jua, siyo ya mpangaji.

Godoro lina doa la chai upana wa sm 20. Bado halijabonyea wala kuchanika. Kulipisha 320,000, ambayo ndiyo thamani iliyobaki, ni kulipisha godoro ambalo mpangaji ajaye atalilalia. Inalipwa gharama ya kuosha, 40,000.

Rimoti ya kiyoyozi haipo: 25,000, kama ilivyoandikwa. Sahani mbili zimevunjika kwa miaka miwili, zimo ndani ya msamaha. Mabano ya feni yameota kutu, lakini picha ya kuingia inaonyesha kutu ikiwa imeanza kwenye skrubu zote nne, na sasa imesambaa sawasawa. Ni chumvi ya bahari, hakuna anayedaiwa.

Jumla ni 532,000. Amana ilikuwa 900,000, mpangaji anarudishiwa 368,000, na karatasi ya hesabu yenye mistari hiyo sita inasainiwa na wote wawili kabla fedha hazijatumwa. Nakala yake inaingia kwenye folda ya picha.

Jioni hiyo hiyo orodha irekebishwe kwa ajili ya mpangaji ajaye, kumbukumbu zikiwa bado za moto. SB-05 inafungwa, na runinga mpya inapata namba mpya, SB-11, yenye tarehe na bei yake. SB-01 inaongezewa maneno "mto wa kushoto umevalishwa upya Machi 2026, rangi imezidi kidogo", na tarehe yake ya ununuzi inabaki ile ile ya 2022, maana kuvalisha mto mmoja hakufanyi sofa kuwa mpya. Bei za safu ya D zinaulizwa upya dukani, zote.